Barua kwangu mwenyewe, baada ya "samahani" ya kumi

Minneapolis, usiku

Ndugu yangu,

Zimefika kumi. Nimezisoma zote: barua pepe moja ile ile, kwa anwani ya jumla, "natafuta nafasi yoyote ya uhandisi." Nani ajibu hiyo? Na viza hukuitaja kabisa.

Kuanzia Jumanne, mbili tu kwa wiki, kila moja kwa mhandisi mwenye jina. Kichwa: kazi na namba yake. Kisha sentensi nne: ulichopima, yaani nyufa za zege linaloganda na kuyeyuka, kwa nini kinawahusu, OPT miezi 12 bila udhamini wao, na 24 zaidi kama wako kwenye E-Verify, halafu omba dakika 15.

Kimya siku saba? Kumbusha mara moja, basi.

Wako,
Mimi