Kunakili au kuandika upya: ninavyofupisha ripoti hatua kwa hatua

Kazi yangu kubwa ni kufupisha ripoti za kamati. Ripoti ya kurasa kadhaa inaletwa, inatakiwa iwe ukurasa mmoja wa kusomwa mkutanoni, halafu aya moja ya ubao wa matangazo, na mwisho ujumbe mfupi wa simu. Maandishi yaleyale yanashuka ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi swali ni hilohilo: sentensi hii niichukue kama mwandishi alivyoiandika, au niiseme kwa maneno yangu?

Wengi wetu tulifundishwa jibu moja tu. Katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya, kwa mfano, kuna sehemu nzima ya ufupisho, na mwanafunzi anazoea kwamba kunakili ni uvivu na kuandika upya ndiyo akili. Kazini mazoea hayo yanaumiza watu. Uamuzi haufanywi mara moja kwa maandishi yote. Unafanywa kwa kila sentensi, na kinachoamua ni kile ambacho sentensi hiyo inamfanya msomaji atende.

Nimetunga aya ifuatayo kwa ajili ya makala hii, kwa mfano wa zile ninazopokea. Nimezipa sentensi namba ili tuzifuatilie.

(1) Mwezi Machi pampu ya kisima cha shuleni iliharibika. (2) Kamati ilimwita fundi, naye akagundua kwamba bomba la chini limepasuka. (3) Lilibadilishwa baada ya wiki 2, kwa sababu fedha zilizokuwa kwenye mfuko hazikutosha na ilibidi kaya zichangishwe upya. (4) Wakati huo wote wananchi walikuwa wakichota maji mtoni, na baadhi ya watoto waliugua kuhara, ingawa zahanati haijathibitisha kwamba maji ya mto ndiyo chanzo. (5) Hata baada ya bomba kubadilishwa, maji ya kisima yasinywewe bila kuchemshwa mpaka majibu ya vipimo yatoke. (6) Kuanzia Julai kila kaya italipa shilingi 2,000 kwa mwezi, isipokuwa kaya za wazee wanaoishi peke yao. (7) Kamati inaamini kwamba mchango huo, ukikusanywa kwa wakati, utazuia hali kama hiyo kujirudia.

Kabla sijafuta chochote, napiga mstari chini ya sentensi zinazombana mtu: zinazoamuru, zinazokataza, zinazotaja fedha, tarehe au kipimo, na zinazosema nani hahusiki. Hapa ni ya 5 na ya 6. Masharti ya sentensi hizi nitayanakili mpaka ngazi ya mwisho. Mwandishi wake alipima maneno, na kila neno lina mtu nyuma yake. Ukiiandika upya ya 5 iwe "wananchi wanashauriwa kuchemsha maji", umegeuza katazo kuwa ushauri. Ukiandika ya 6 kuwa "kaya zitachangia shilingi 2,000 kila mwezi isipokuwa wazee", utakuta kaya ya watu wanane yenye bibi mmoja ndani yake inadai haihusiki.

Sentensi nyingine zote zinasimulia au kueleza, na hizo zinaweza kuandikwa upya. Lakini sianzi kuziandika upya mara moja. Katika ngazi ya kwanza, ambapo aya kama hii naipunguza kwa karibu moja ya tano tu, nanakili kwa wingi na kukata vipande. Sababu yake ni ya kikazi: sentensi iliyonakiliwa unaweza kuirudia kwenye ripoti na kuikuta, kwa hiyo mwenyekiti akiuliza "hili limetoka wapi?", unamwonyesha kwa kidole. Iliyoandikwa upya haina mahali pa kuonyesha, inabidi uitetee.

Sasa, kunakili kuna hatari zake, na Kiswahili kina mbili ambazo nazitazama kuliko zote.

Ya kwanza ni viambishi vya ngeli. Tazama sentensi ya 3: "Lilibadilishwa". Hiyo li- ni ya bomba, na bomba limetajwa katika sentensi ya 2. Ukiifuta ya 2 ukainakili ya 3, msomaji anasoma "Pampu iliharibika. Lilibadilishwa baada ya wiki 2", na anabaki akitafuta ni nini hicho. Hapo walau anagundua kwamba kuna pengo. Hali mbaya zaidi ni pale kiambishi kinapopata mwenyeji mwingine. Kama ripoti ingesema "mashine" mahali pa bomba, kitenzi kingekuwa "ilibadilishwa", na msomaji angeamini kabisa kwamba ni pampu iliyobadilishwa, kwa kuwa pampu nayo ni ya ngeli hiyohiyo. Hakuna kitu kingemshtua. Kwa hiyo kila sentensi ninayoinakili naiuliza: kiambishi cha mwanzo ni cha nani, na huyo mwenyewe yumo bado? Kama hayumo, namrudisha kwa jina: "Bomba lilibadilishwa." Vivyo hivyo kwa "wakati huo", "hali kama hiyo", "hao", "hapo". Haya ni maneno yanayonyoosha kidole nyuma, na huenda nyuma hakuna kitu tena.

Hatari ya pili ni -ka-. "Naye akagundua" inaeleweka kwa sababu mbele yake kuna "ilimwita". -ka- haina wakati wake yenyewe, inauazima kwa kitenzi kilichotangulia. Ukiinyofoa na kuiweka mwanzoni mwa ufupisho, inaelea. Naibadilisha iwe -li-: "Fundi aligundua". Ni herufi mbili tu, lakini bila hizo ufupisho unasomeka kama hadithi iliyokatwa kichwa.

Baada ya ngazi ya kwanza nina kitu kama hiki:

Pampu ya kisima cha shuleni iliharibika mwezi Machi, na fundi aligundua kwamba bomba la chini limepasuka. Bomba lilibadilishwa baada ya wiki 2, kwa sababu fedha za mfuko hazikutosha na ilibidi kaya zichangishwe upya. Katika kipindi hicho wananchi walichota maji mtoni, na baadhi ya watoto waliugua kuhara, ingawa zahanati haijathibitisha kwamba maji ya mto ndiyo chanzo. Maji ya kisima yasinywewe bila kuchemshwa mpaka majibu ya vipimo yatoke. Kuanzia Julai kila kaya italipa shilingi 2,000 kwa mwezi, isipokuwa kaya za wazee wanaoishi peke yao.

Sentensi ya 7 imeondoka. Inasema kamati inaamini nini, haimwambii mtu afanye nini, na kuibana ingekuwa hatari: "mchango huo utazuia hali hiyo kujirudia" ni ahadi, wakati kamati ilisema inaamini, tena kwa sharti.

Ngazi ya pili, aya ya ubao wa matangazo, ndipo kuandika upya kunapoanza kuwa lazima. Kukata vipande hakutoshi tena, kwa kuwa sentensi tatu za kwanza zinapaswa kuwa moja. Mkono unaandika haraka: "Pampu ya kisima cha shuleni imetengenezwa kwa michango ya kaya." Inasomeka vizuri, na ina makosa mawili. Ripoti haisemi pampu imetengenezwa, inasema bomba limebadilishwa. Pia haisemi michango peke yake ndiyo iliyolipa, inasema fedha za mfuko hazikutosha, maana yake zilikuwepo kiasi. Hivi ndivyo maneno mapya yanavyopotosha: yanajaza nafasi kwa jambo la kawaida linalotarajiwa, na sikio halishtuki. Dawa yake ni kurudi kwenye ripoti yenyewe. Ngazi ya pili siiandiki kutoka ngazi ya kwanza, na ya tatu siiandiki kutoka ya pili. Kila mara ripoti ya asili iko wazi mezani, ngazi iliyotangulia ikiwa pembeni kunionyesha tu nilichochagua. Naandika: "Bomba lililopasuka kwenye kisima cha shuleni limebadilishwa, baada ya kaya kuchangia kilichopungua kwenye mfuko."

Kwa sentensi ya 4 nina kanuni ambayo siilegezi. Dai na shaka yake huenda pamoja: zinabaki zote au zinaondoka zote. Sehemu ya "ingawa" ndiyo ndefu na ndiyo inayovutia kukatwa, lakini ukiikata unabaki na "wananchi walichota maji mtoni, na baadhi ya watoto waliugua kuhara". Hakuna neno la uongo hapo, na bado msomaji ataunganisha mambo mawili ambayo zahanati haijayaunganisha. Nafasi haitoshi kwa zote mbili, basi zinatoka zote. "Huenda", "angalau", "takriban", "inadaiwa" nazo nazitendea hivyohivyo.

Ngazi ya mwisho ni ujumbe wa simu, na hapo kipimo ni kikali: ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Masimulizi yote yanaondoka. Zinabaki zile sentensi mbili zilizopigwa mstari tangu mwanzo. Nikiziweka hivi:

Maji ya kisima cha shuleni yasinywewe bila kuchemshwa mpaka majibu ya vipimo yatoke. Kuanzia Julai kila kaya: sh 2,000 kwa mwezi, isipokuwa wazee wanaoishi peke yao.

nakuta herufi 165. Nimeshaongeza "cha shuleni", kwa sababu maneno hayo yalikuwa katika sentensi ya 1 ambayo haipo tena, na kijijini kunaweza kuwa na visima vingine. Pa kupunguza ni wapi? "Bila kuchemshwa" haiguswi, wala "kwa mwezi", wala "wanaoishi peke yao". "Majibu ya" inaweza kuondoka, kwa kuwa watu husema vipimo vimetoka wakimaanisha majibu. Lakini yakiondoka majibu, kitenzi nacho kinabadilika: "yatoke" inakuwa "vitoke".

Maji ya kisima cha shuleni yasinywewe bila kuchemshwa mpaka vipimo vitoke. Kuanzia Julai kila kaya: sh 2,000 kwa mwezi, isipokuwa wazee wanaoishi peke yao.

Herufi 155. Kama ingezidi bado, ningetuma jumbe mbili, mmoja wa maji na mmoja wa mchango, kuliko kugusa masharti.

Ukaguzi wangu wa mwisho unakwenda kinyume na uandishi. Nachukua ufupisho, nasoma dai moja, kisha naliwekea kidole kwenye ripoti. Sentensi niliyoinakili naitazama viambishi na maneno yanayoelekeza nyuma. Niliyoiandika upya naitazama vitenzi: nani alifanya, alimaliza au alianza, alisema au alithibitisha. Kisha ninampa mtu ambaye hajaisoma ripoti, naye ananiambia atafanya nini kesho asubuhi. Akisema atachemsha maji ya kunywa, ujumbe unatumwa. Akiuliza "kisima kipi?" au "hadi lini?", narudi kwenye ripoti kutafuta neno nililoliacha huko.