Jinsi ya Kuandika Azimio la Kamati

Kamati ya usalama inapokubali utaratibu mpya, uamuzi huo huandikwa katika muhtasari wa kikao kama azimio. Kuandika kwamba "wajumbe walijadili suala la mifugo iliyopotea na kukubaliana" hakutoshi, kwani asiyekuwapo hawezi kujua kilichokubaliwa wala siku kinapoanza.

Tuchukue mfano wa kamati ya kijiji kilicho mpakani. Utaratibu wake wa kwanza ulimtaka aliyempata mnyama aliyepotea atoe taarifa ndani ya siku 3. Sasa kikao kimeamua iwe siku 1. Katibu aandike hivi:

"Azimio Na. 4/2025. Kikao cha tarehe 3 Machi 2025, kikiwa na wajumbe 9 kati ya 12 na akidi ikiwa imetimia, kimepitisha Utaratibu wa Mifugo Iliyopotea, Toleo la 2, ulioambatishwa hapa. Utaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025, na siku hiyo Toleo la 1 litakoma. Utapitiwa upya tarehe 1 Oktoba 2025, na utaendelea kutumika hadi kamati itakapoamua vinginevyo. Katibu atawajulisha, kabla ya tarehe 25 Machi, kituo cha polisi, viongozi wa vitongoji, wafugaji, na kamati ya kijiji jirani ng'ambo ya mpaka. Wajumbe 8 wameunga mkono, 1 amepinga."

Namba ya toleo huzuia nakala mbili zenye jina moja kutumika kwa pamoja. Iandikwe pia juu ya kila ukurasa wa utaratibu wenyewe, na nakala za zamani zikusanywe.

Tarehe ya kuanza kutumika ndiyo humaliza ugomvi. Tuseme mkulima amemkuta ng'ombe shambani tarehe 28 Machi, akatoa taarifa tarehe 30. Mwenye ng'ombe anadai kwamba mkulima amechelewa, kwa kuwa kikao kilikwisha kuamua siku 1. Azimio linaonyesha kwamba siku ile Toleo la 1 lilikuwa bado linatumika. Basi mkulima hana kosa. Lau tarehe hiyo isingeandikwa, kila mmoja angeshika ile inayomfaa.

Sentensi inayosema kwamba utaratibu utaendelea kutumika isiachwe. Pasipo hiyo, kikao cha Oktoba kikiahirishwa, mtu aweza kudai kwamba hakuna utaratibu wowote.

Mwisho ni orodha ya wa kujulishwa. Kosa la kawaida ni kuandika "wananchi wote watajulishwa" bila kumtaja mjulishaji. Kila aliyepokea nakala atie sahihi na tarehe katika daftari la katibu. Jirani wa ng'ambo hafungwi na azimio letu; hata hivyo ng'ombe wake huvuka, naye apaswa kujua aulize wapi na lini.