Vidonge vya Usingizi kwa Aliyewahi Kuzoea Pombe au Dawa za Kulevya

Kijitabu hiki ni cha nyumba yenye mtu aliyekuwa mnywaji sana au aliyetumia heroini, awe ameacha au bado anaendelea. Tunaletewa wagonjwa wa namna hii, na kisa ni kile kile: mtu kaandikiwa kidonge kimoja cha diazepamu, ambayo wengi huiita valiamu, kisha akajiongezea mwenyewe.

USIJIONGEZEE KIDONGE

Hata kama umekesha mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa nini kidonge hakikulazi

Pombe na diazepamu hutuliza ubongo kwa njia zinazofanana. Ukinywa sana kwa miaka, mwili huzoea kutulizwa hivyo, na mazoea hayo hayaishii kwenye pombe, huhamia kwenye vidonge pia. Ndiyo maana jirani asiyekunywa humeza miligramu 5 akalala hadi asubuhi, nawe ukameza hizo hizo ukabaki unatazama mabati. Dawa si lazima iwe feki, wala muuzaji si lazima awe amekudanganya.

Hapo ndipo mtu husema, "Mimi mwili wangu mgumu," akaongeza cha pili na cha tatu. Lakini mwili hauzoei kila kitu kwa kiasi sawa. Usingizi unaweza kukataa huku pumzi inazidi kupungua. Tena ukishaacha pombe wiki kadhaa, yale mazoea hushuka bila wewe kujua, na kiasi ulichokistahimili zamani kinaweza kukuua leo. Usijiongezee kidonge.

Mfano wa fundi mmoja

Fundi seremala kanywa gongo miaka mingi, kisha kaacha. Wiki ya tatu bado halali, jambo la kawaida kwa aliyeacha pombe, maana usingizi huweza kuchukua miezi kurudi. Anakwenda duka la dawa, anaomba valiamu, hasemi lolote kuhusu gongo. Usiku wa kwanza anameza kimoja, hapati kitu. Usiku wa pili viwili, wa tatu vitatu. Diazepamu haitoki mwilini upesi: cha leo kinakuta cha jana na cha juzi bado vipo. Jumamosi rafiki anamkaribisha glasi mbili tu. Saa nane za usiku mkewe anamsikia akikoroma kwa mkoromo mzito wenye kukatikakatika, anadhani leo hatimaye kalala. Akimtikisa haamki. Midomo imeanza kuwa ya bluu.

Pombe na kidonge usiku mmoja: hapana.

Kama ni heroini au methadoni

Hapa msidanganyike. Mwili uliozoea heroini haukupata kinga dhidi ya diazepamu, na vyote viwili hupunguza pumzi. Anayekunywa methadoni kliniki amwambie mhudumu kila kidonge anachomeza, hata cha mafua au cha mzio kinacholeta usingizi. Asiazime kidonge cha mwenzake. Asijiongezee kidonge.

Mwambie daktari kabla hajaandika

Sema ulikuwa unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na lini ulionja mara ya mwisho. Daktari akikunyima vidonge, au akikupa vya siku chache tu na kukutaka urudi, hajakudharau: anajua kwamba aliyewahi kuzoea kitu kimoja huzoea vidonge hivi upesi. Hata kwa mtu mwingine yeyote, dawa hizi ni za muda mfupi, zisizidi wiki mbili hadi nne. Vidonge avitunze mke, mama au ndugu, naye atoe cha usiku huo tu.

Aliyeacha pombe jana au juzi, akitetemeka, akitoka jasho au akiona visivyokuwepo, apelekwe hospitali. Huko anaweza kupewa diazepamu, tena nyingi kuliko ya mtu mwingine, kwa sababu ya mazoea yale yale. Lakini kuna mtu anayemhesabia pumzi. Msiige kiasi hicho nyumbani.

Na aliyemeza vidonge hivi kila siku kwa wiki nyingi asiache ghafla. Anaweza kupata degedege. Arudi kliniki apunguziwe kidogo kidogo.

Mkimkuta haamki

Msimwache "alale pombe imtoke." Mlazeni kwa ubavu, kichwa kikielekea nyuma kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi. Msimpe maji, maziwa wala kahawa, na msimtapishe. Tafuteni usafiri wakati huo huo, mmoja akae naye akitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Chukueni pakiti ya dawa hata kama ni tupu, na mkifika semeni wazi vidonge vingapi, saa ngapi, na alikunywa nini.