Jinsi ya Kupandisha Limiti ya M-Shwari kwa Njia ya Haki

Muuzaji nyanya wa soko la Kongowea, Mombasa, anaweza kuzungusha shilingi 6,000 kwa siku na bado M-Shwari ikampa limiti ya 1,000 tu. Sababu ni kwamba wateja humlipa taslimu, naye humlipa taslimu dereva anayemletea makreti. Mashine inayopanga limiti haijawahi kuziona nyanya zake. Inachoona ni laini inayopokea mia mbili tatu kwa wiki, kisha zinatolewa zote kwa wakala siku hiyohiyo.

M-Shwari ilianzishwa Kenya mwaka 2012 na Safaricom pamoja na benki ambayo leo ni NCBA. Hesabu kamili ya limiti haitangazwi, lakini misingi yake inajulikana: unavyoitumia laini yako na M-PESA, akiba uliyoweka M-Shwari, na jinsi ulivyolipa mikopo iliyotangulia. Kwa hiyo kazi yako ni kuifanya biashara yako ya kweli ionekane.

Kwanza, hakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Ukifanya biashara kwa laini ya mume au ya mtoto, sifa inamwendea mwenye jina. Ukigawa mauzo kwenye laini mbili tatu, kila moja inaonekana maskini. Chagua moja na uishikilie.

Pili, pitisha humo pesa ambazo zingetembea hata bila simu. Muuzaji wetu aanze na malipo makubwa: amlipe dereva wa makreti kwa M-PESA, na wateja wa jumla, kama wenye hoteli, awaombe wamtumie badala ya kumpa noti. Mauzo ya shilingi kumi na ishirini yanaweza kubaki taslimu.

Tatu, weka akiba. Kuhamisha pesa kutoka M-PESA kwenda M-Shwari hakukatwi ada. Shilingi 100 kila jioni baada ya kufunga kibanda zinamfaa kuliko 3,000 zinazowekwa mara moja na kutolewa kesho yake. Hata limiti isipopanda, hiyo akiba ni yake.

Nne, kopa kwa shughuli inayorudisha pesa, na ulipe kabla ya siku 30 kwisha. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ada ya M-Shwari ni asilimia 7.5, na ushuru wa serikali juu yake. Mkopo wa 2,000 una ada ya 150 kabla ya ushuru, na ada hiyo ni ileile ukilipa baada ya siku 3 au 29. Anayekopa na kulipa kila wiki ili ajenge jina atalipa 600 kwa mwezi kwa 2,000 zilezile. Mkopo mmoja wa mwezi, uliolipwa kwa awamu kadiri nyanya zinavyouzwa na kumalizwa kabla ya tarehe, unamtosha. Tarehe ikipita, ada nyingine ya asilimia 7.5 huongezwa kwenye salio. Ukiendelea kunyamaza, jina lako hupelekwa CRB, na wakopeshaji wengine pia hukuona.

Sasa ile hila inayosambazwa sokoni: kumtumia rafiki 1,000, naye akurudishie, mara ishirini kwa mwezi ili laini ionekane na shughuli. Kutuma 1,000 hukatwa 13, hivyo kila mzunguko unakula 26, na mizunguko ishirini inakula 520. Mwisho wa mwezi hakuna bidhaa iliyouzwa wala akiba iliyoongezeka. Na hata limiti ikipanda, umepewa deni ambalo biashara yako haiwezi kulibeba. Anayedai ada, au namba yako ya siri, ili akupandishie limiti ni mwizi. Hakuna wakala wala mtu wa mtandaoni mwenye uwezo huo.

Kujua kama juhudi zinazaa, piga *334#, ingia kwenye mikopo na akiba, kisha M-Shwari, uangalie limiti. Fanya hivyo baada ya kumaliza kulipa mkopo, maana limiti hupitiwa kwa vipindi, haibadiliki kila siku. Ikishuka ghafla, kagua mambo matatu: je, kuna mkopo uliochelewa? Je, umesahau deni la Fuliza? Je, umeacha kuitumia laini?

Limiti ikifika 10,000 na mzigo wa makreti unagharimu 4,000, kopa 4,000. Kiwango unachopewa ni makisio ya mkopeshaji tu. Faida ya kibanda chako unaijua wewe, na ndiyo itakayolipa.