Somo: Kijarida cha Duka Dogo la Vitabu

Kikundi chenye duka dogo la vitabu kinaweza kutoa kijarida cha kila mwezi kwa karatasi moja tu. Kunja karatasi ya A4 katikati, upate kurasa nne. Kila ukurasa uwe na kazi yake, na usiihamishe. Msomaji akishazoea, atafungua moja kwa moja pale anapopapenda.

Ukurasa wa 1 ni Salamu: yaliyotokea dukani mwezi huu. Wa 2 ni Kitabu cha Mwezi. Wa 3 ni Swali la Msomaji na jibu lake. Wa 4 ni Rafu Yetu: vitabu vilivyofika na siku za kufungua.

Tuseme duka liko Dunga, ufuoni karibu na Kisumu. Kitabu cha mwezi ni Miaha, ambacho Grace Ogot alikiandika kwa Dholuo, kikatoka mwaka 1983. Wengi wetu tungeandika: "Kitabu bora sana! Nunueni upesi mwinue duka letu!" Hapo msomaji hajaambiwa kitabu kina nini, lakini ameshaombwa pesa. Afadhali hivi:

"Zamani jembe lilijilimia lenyewe, mtu alilipiga ardhini mara moja tu. Bi arusi Nyawir akaamua kulima kwa mikono yake. Kwa nini alifanya hivyo, na watu walipatwa na nini? Mama mkwe na mkaza mwana wakikisoma pamoja, hawatakosa la kuzungumza. Tuna nakala mbili. Ukipenda tukuwekee moja hadi Jumamosi, mwambie aliye kaunta."

Ona kwamba ombi limekuja mwisho, na mara moja tu. Kukataa hakumtii mtu aibu. Lakini hakikisha nakala hizo ziko rafuni kweli. Mtu akitembea kutoka mbali akazikosa, mwezi ujao hatakuamini.

Sauti nayo iwe moja. Ukurasa wa 1 ukisema "karibu ndugu yetu" na wa 4 ukisema "wateja wote mnaarifiwa", inakuwa kama watu wawili wanagombania meza. Wachangie wengi, ila mmoja asome yote kwa sauti kabla ya kupiga fotokopi. Neno asiloweza kumwambia jirani yake ana kwa ana, alibadilishe.

Mtajuaje kama kinafanya kazi? Wekeni daftari kaunta. Kila anayetaja kijarida, andika amekuja kwa ajili ya ukurasa gani. Miezi mitatu ikipita, kijarida kinachukuliwa lakini hakuna anayeulizia kitabu, tazameni ukurasa wa 2: huenda mnasifu tu, hamsimulii.

Kazi ya kikundi: Chagueni kitabu kimoja ambacho mmoja wenu amekisoma. Andikeni sentensi tano za kukieleza na moja ya kuomba. Someni kwa sauti. Je, nani angependa kukisoma?