Dondoo muhimu: Nani ameshika bajeti?

Swali la kulinganisha miundo ya shirika linapokuja, usianze na fasili. Tafuta kwanza nani anashika bajeti na nani anampima mfanyakazi mwisho wa mwaka.

Chukua benki inayotengeneza programu ya simu. Wiki ya majaribio, mkuu wa idara ya Tehama anamwondoa mhandisi kwenye mradi akashughulikie hitilafu za matawi. Katika muundo wa kiidara, mhandisi anaondoka bila mjadala: bajeti ni ya idara, na meneja wa mradi, kama yupo, ni wa kuomba na kukumbusha tu.

Katika muundo wa kimradi, hali hiyo haitokei. Mhandisi ni wa mradi na bosi wake ni meneja wa mradi. Taja pia kasoro yake: mradi ukiisha, hana idara ya kurudia.

Muundo wa matriki ndio unaoangusha wengi, kwa sababu mhandisi ana mabosi wawili. Matriki dhaifu humwacha meneja wa mradi kuwa mratibu, bajeti ikibaki idarani. Ya wastani hugawanya mamlaka, hivyo suala la mhandisi huamuliwa kwa mazungumzo. Yenye nguvu humpa meneja wa mradi bajeti na kauli kubwa zaidi, ingawa mhandisi bado ni wa idara.

Ukiandika “matriki” bila kutaja ni ipi, jibu lako halijakamilika.