Msamaha wa kodi unapomnufaisha mwingine

Swali: Kenya huwapa wawekezaji wa EPZ miaka 10 bila kodi ya mapato. Makubaliano ya kimataifa ya kodi ya asilimia 15 yanaugusaje msamaha huo?

Jibu: Hayaufuti, hubadilisha anayenufaika na sehemu yake. Yanahusu makundi ya kampuni yenye mapato ya euro milioni 750 au zaidi kwa mwaka. Chukua kiwanda cha mfano chenye kampuni mama Ujerumani: faida shilingi milioni 100, kodi sifuri. Kwanza hutolewa kiasi kinachokokotolewa kutokana na mishahara na mali halisi, tuseme milioni 40. Asilimia 15 ya milioni 60 zilizobaki ni milioni 9, na Ujerumani, inayotoza tangu 2024, itazidai. Sehemu hiyo ya nafuu haimfikii mwekezaji. Hazina ya Kenya imeichangia ya Berlin. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya Desemba 2024 ilileta kodi ya nyongeza ya kufikia asilimia 15, iliyokusudiwa kutangulia ya Ujerumani.

Je, wawekezaji watakimbia? Wa kundi kama hili la mfano wangelipa milioni 9 zilezile. Hoja nzito zaidi ni mikataba iliyoahidi kutobadilisha kodi: hapo serikali inaweza kushtakiwa. Kampuni ndogo haziguswi, na kwazo msamaha bado una thamani yake yote.